Bei ya vitunguu imeruka mara mbili, wakulima wananiambia nisubiri miezi mitano. Wananizuga?

#1 Mchuuzi_wa_Jioni

Wadau, habari za humu. Mimi nanunua vitunguu mashambani na kuuza kwa jumla. Wiki tatu zilizopita mafuriko yaliharibu mashamba ya bonde lingine, na bei ikaruka kutoka 100 hadi 200 kwa gunia. Hizo ni namba za mfano tu, kila mtu aweke fedha yake.

Nikawapigia wakulima wangu wote: ongezeni mzigo, nachukua wowote mtakaoleta. Kwa kawaida wote kwa pamoja hunipa gunia 1,000 kwa wiki. Wiki hii wamenipa 1,050. Hamsini tu za ziada, na bei imepanda mara mbili! Mmoja akanijibu kwa utaratibu kabisa, "subiri miezi mitano." Mdogo wangu anayesoma uchumi anasema huo ndio unyumbufu mdogo wa ugavi, yaani bei inaruka sana lakini mzigo unaongezeka kidogo tu, kisha akarudi kwenye simu yake. Hakunisaidia kitu.

Fundi akiona bei ya viti imepanda, si anakesha akichonga? Kwa nini mkulima asifanye hivyo?

#2 Kalamu_Nyekundu

Mkuu, wanakuzuga. Mzigo upo, wameuficha wanasubiri 300. Halafu mdogo wako yuko sahihi: kwenye mazao unyumbufu wa ugavi ni sifuri. Mstari wake kwenye mchoro umesimama wima kama nguzo ya umeme, bei ifike popote kiasi ni kilekile.

#3 BibiShamba_Mstaafu

Kalamu, mwanangu, umesema mambo mawili yanayogombana. Kama ni sifuri, basi hakuna kilichofichwa. Kama kuna kilichofichwa kinachoweza kutoka bei ikipendeza, basi si sifuri. Chagua moja.

Mchuuzi, nimekuwa bibi shamba miaka mingi na vitunguu nimelima mwenyewe, kwa hiyo nikuelezee huyo mkulima wako alikuwa anahesabu nini alipokwambia miezi mitano. Tuseme amesikia bei leo asubuhi na mchana akanunua mbegu. Anamwaga kitaluni. Miche inakaa huko wiki 6 hadi 8 mpaka ifikie unene wa penseli nyembamba. Inahamishiwa shambani, na huko inakaa miezi 3 hadi 4. Majani yakianza kulala yenyewe, nusu ya shamba au zaidi, ndipo anang'oa, na bado anaviacha siku kumi hivi shingo zikauke, la sivyo vitaoza ndani ya gunia kabla havijafika kwako. Jumlisha. Mitano ni kwa mtu ambaye kila kitu kimemwendea vizuri. Mimi ningekwambia sita.

Fundi wako anakesha kwa sababu kiti kinafuata mikono yake. Kitunguu hakikeshi.

#4 Kalamu_Nyekundu

Sawa bibi, lakini kuna mbolea. Aweke mara mbili akuze haraka.

#5 BibiShamba_Mstaafu

Hapo ndipo wengi wanajichoma. Mbolea ya kukuzia ukiiweka nyingi wakati kitunguu kimeshaanza kujaza, kinarudi kwenye majani. Shamba linapendeza, la kijani, wageni wanapiga picha. Ukiking'oa, shingo ni nene kama kidole gumba, haifungi, na kimechelewa kukomaa badala ya kuwahi. Ukikiweka ghalani, kinaanza kuoza kuanzia hapo shingoni. Kwa hiyo umetumia fedha zaidi ukapata mzigo uliochelewa na usiokaa.

Na usisahau kwamba kitunguu kinaanza kujaza kwa kufuata urefu wa mchana na joto. Aina iliyozoea mchana mfupi, aina iliyozoea mchana mrefu, kila moja ina msimu wake. Ukipanda kwa sababu bei imeita na si kwa sababu msimu umefika, unaweza kuvuna majani, au mimea ikakimbilia kutoa maua.

#6 Sufuria_Kubwa

Mimi naona jibu ni rahisi. Watu hawawezi kupika bila vitunguu, hata bei ikipanda wananunua tu. Ndiyo maana bei haishuki. Watu wakigoma wiki mbili mtaona.

#7 Namba_Hazidanganyi

Sufuria, hayo ni ya upande wa mnunuzi, huo unaitwa unyumbufu wa mahitaji. Mchuuzi anauliza upande wa mkulima. Ila hujakosea kabisa: mnunuzi hapunguzi na mkulima haongezi, kwa hiyo pengo dogo tu la mzigo linatosha kuirusha bei mara mbili. Pande zote mbili zikiwa ngumu, kinachobaki kusogea ni bei peke yake.

Hesabu ya wiki ya kwanza ya Mchuuzi: kiasi kimepanda kutoka 1,000 hadi 1,050, asilimia 5. Bei imepanda asilimia 100. Gawa 5 kwa 100, unapata unyumbufu wa 0.05. Si sifuri, lakini ukiichora kwenye karatasi Kalamu ataiona ni nguzo ya umeme.

#8 Mchuuzi_wa_Jioni

Asanteni. Sasa hizo gunia 50 za ziada zimetoka wapi, kama kitunguu kinachukua miezi sita?

#9 BibiShamba_Mstaafu

Swali zuri kuliko lile la kwanza. Zimetoka sehemu mbili: ghalani kwa mtu aliyekuwa nazo, na shambani kwa mtu aliyeng'oa kabla ya wakati. Ya ghalani haina maneno mengi. Hii ya pili ndiyo nataka uielewe, maana itakuuma mwezi ujao.

Kitunguu hunenepa sana wiki zake za mwisho. Jirani yangu alikuwa na eneo ambalo likikomaa humpa gunia 100. Bei iliporuka namna hii, alibakiza wiki tatu. Akaitisha vibarua, akang'oa, akapata gunia 70, vidogo na shingo mbichi. Watu wakamcheka kwamba ametupa gunia 30. Lakini piga hesabu yake kwa namba zako: gunia 70 kwa 200 ni 14,000. Mwaka wa kawaida gunia zake 100 kwa 100 zingempa 10,000. Angesubiri wiki tatu na bei ikabaki 200, angepata 20,000, kweli. Lakini ingeshuka hadi 120 angepata 12,000, chini ya alichokipata. Mstari wake ulikuwa 140. Kama anaamini bei baada ya wiki tatu itakuwa chini ya 140, kung'oa leo ni akili timamu. Hakuwa mjinga wala mwenye tamaa. Alikuwa anabashiri.

Sasa itazame kwa upande wako, tuseme huyo ni mkulima wako. Leo umepata gunia 70 za ziada ukadhani ugavi umeongezeka. Wiki tatu mbele kuna gunia 100 ambazo hazitakuja. Ukijumlisha vipindi viwili, bei kubwa imepunguza vitunguu badala ya kuviongeza.

#10 Kalamu_Nyekundu

Na waliokausha na kuweka ghalani wakibashiri bei itaenda 250, wanazuia. Kwa hiyo mimi kuhusu kuficha nilikuwa sahihi.

#11 BibiShamba_Mstaafu

Kwa baadhi yao, ndiyo. Hilo nakupa. Wiki za mwanzo mzigo unaweza kwenda upande wowote, kutegemea nani anaogopa bei itashuka na nani anatarajia itapanda. Ila kukihifadhi nako kuna gharama: kinapungua uzito, kinaota, kinaoza. Anayeficha naye anacheza kamari, kama yule anayewahi kung'oa.

#12 Macho_Msituni

Mnazungumzia miezi sita mnalalamika. Mimi nilipanda vanila mwaka 2003. Bei wakati ule ilikuwa ya kuota ndoto, watu walikuwa wanalala shambani kulinda maganda. Nikang'oa mazao mengine, nikapanda miti ya kuegemeza, nikapanda marando ya vanila. Mmea unataka kama miaka mitatu ndipo utoe maua. Maua yanafunguka asubuhi na unayachavusha kwa mkono, moja moja, kwa kijiti, siku hiyohiyo. Ganda linakaa kwenye mmea miezi 8 au 9, halafu kuna kulikausha na kulichachisha, miezi mingine.

Nilipokuwa na kitu cha kuuza, bei ilikuwa imeanguka vibaya. Kila mtu aliyeiona bei ya 2003 alikuwa amepanda kama mimi, kila mtu kwenye bonde lake, hakuna aliyemwambia mwenzake. Sikumlaumu mtu. Lakini nikisikia "mkulima aongeze uzalishaji bei ikipanda" nacheka kwa uchungu.

#13 Namba_Hazidanganyi

Pole sana Macho. Huo mzunguko wachumi wanauita utando wa buibui, jina linalotokana na mchoro wake: mkulima anapanda kwa bei ya leo, anauza kwa bei ya kesho, na kesho wote wameleta. Bei inaanguka, wanaacha kulima, mzigo unapungua, bei inapanda tena.

#14 BibiShamba_Mstaafu

Kwa miti ni vibaya zaidi, maana mti haung'oi kirahisi. Julai 1975 baridi kali iliunguza kahawa ya Paraná, Brazili. Bei ya dunia ilipanda hadi kilele chake 1977, na huwezi kuniambia kwamba dunia nzima haikutaka kulima kahawa wakati huo. Walitaka! Lakini mkahawa unakaa miaka 3 hadi 4 kabla ya kutoa mavuno ya maana. Na ukishaanza kutoa, mwenye shamba hatauondoa kwa sababu bei ya mwaka mmoja imeshuka. Gharama kubwa ameshailipa, anaendelea kuvuna ilimradi bei inalipa vibarua. Kwa hiyo ugavi wa mti ni mgumu ukipanda na mgumu ukishuka.

Turudi kwenye vitunguu, Mchuuzi asije akaondoka.

#15 Mchuuzi_wa_Jioni

Nipo mama. Nimeelewa kwamba mwezi huu na ujao nisitegemee kitu. Lakini baada ya miezi sita si watakuwa wamepanda mara mbili? Bei mara mbili, eneo mara mbili.

#16 Muuza_Pembejeo

Apande kwa mbegu ipi? Mimi ndiye niko dukani. Bei ya vitunguu ikiruka, ndani ya wiki moja mbegu nzuri zimekwisha. Nikipiga simu kwa wanaonisambazia wananiambia hakuna. Watu hawajui kwamba mbegu ya kitunguu yenyewe inachukua misimu miwili: msimu wa kwanza unakuza kitunguu, unakichagua, unakipanda tena kipate baridi kitoe ua, ndipo upate mbegu. Kwa hiyo nyuma ya mkulima aliyekwama kuna mzalisha mbegu aliyekwama zaidi yake.

Hekta moja inataka kama kilo 4. Mbegu yenyewe haivumilii kukaa. Ya mwaka jana iliyowekwa kwenye joto na unyevu, nusu haioti. Na msimu kama huu ndipo wanatokea watu wenye mifuko isiyo na tarehe.

#17 BibiShamba_Mstaafu

Asante, hilo ndilo kubwa. Ongeza na mikono. Kwa nafasi ya sentimeta 10 kwa 20, hekta moja ina miche 500,000, na kila mmoja unapandikizwa kwa mkono. Wakulima wote wakiamua kuongeza eneo wiki moja, vibarua ni walewale, na ujira wao unapanda pamoja na bei ya vitunguu. Pampu ya maji ni ileile, zamu ya mfereji ni ileile. Ardhi nzuri ilikuwa tayari na vitunguu, kwa hiyo eneo jipya ni lile ambalo mwaka jana uliliacha kwa sababu zake: lina mawe, linatuamisha maji, liko mbali.

Tuseme wakulima wako wakaze sana waongeze eneo kwa asilimia 40. Kwa sababu ya mbegu hafifu na ardhi ya pembeni, mavuno kwa hekta yanashuka asilimia 10. Wastani wote unakuwa 1.4 mara 0.9, yaani 1.26. Gunia zako 1,000 zinakuwa 1,260 na si 2,000.

#18 Namba_Hazidanganyi

Kiasi asilimia 26, bei asilimia 100, unyumbufu 0.26. Mara tano zaidi ya ule wa wiki ya kwanza, na bado uko chini sana ya 1. Wakulima walewale, zao lilelile, kilichobadilika ni muda tu. Kwa hiyo mtu akikuuliza unyumbufu wa vitunguu ni ngapi bila kutaja muda, mwambie swali halijakamilika.

#19 Kalamu_Nyekundu

Mimi napata 0.35. Kiasi: 260 gawa kwa wastani wa 1,000 na 1,260, ambao ni 1,130. Bei: 100 gawa kwa wastani 150. Asilimia 23 gawa kwa 66.7. Mnaniona mjinga lakini hesabu najua.

#20 Namba_Hazidanganyi

Safi, hiyo ni njia ya katikati, na ni bora mabadiliko yakiwa makubwa kama haya. Kupanda kutoka 100 hadi 200 ni asilimia 100, lakini kushuka kutoka 200 hadi 100 ni asilimia 50, wakati umbali ni uleule. Njia yako inaondoa huo utata. Nakubali 0.35.

#21 Macho_Msituni

Samahani, mnagawa kwa bei ipi? Siku hizo gunia 1,260 zinafika sokoni, bei haitakuwa 200. Huenda ni 130. Mbona mnatumia ya leo?

#22 Namba_Hazidanganyi

Umenikamata. Unatakiwa kutumia bei aliyoitarajia mkulima siku anapanda, na hiyo haiandikwi popote. Mchumi Marc Nerlove alilihangaikia hili mwaka 1958: mkulima hachukui bei ya leo kama ilivyo, anasogeza matarajio yake kidogo kidogo kufuata bei alizoziona. Ukikubali hivyo, mkulima aliyeona 200 kwa wiki tatu tu, baada ya miaka ya 100, huenda moyoni anapanda kwa 120. Kwa bei hiyo, asilimia 26 si kidogo hata kidogo.

#23 BibiShamba_Mstaafu

Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Wakulima ninaowajua hawafanyi wastani wa miaka. Wanauliza sababu. Wakisikia ni mafuriko ya bonde lingine, wanajua lile bonde litarudi, na wanaongeza kidogo. Wakisikia kuna mnunuzi mpya mkubwa atakayebaki, wanakopa na kuchimba kisima. Bei moja, sababu mbili, majibu mawili.

#24 Namba_Hazidanganyi

Lakini kwenye takwimu sababu huioni, unaona bei na eneo tu.

#25 BibiShamba_Mstaafu

Ndiyo maana nilikuwa natembea mashambani.

#26 Sufuria_Kubwa

Kwa hiyo mgomo wa wiki mbili hautasaidia?

#27 Mchuuzi_wa_Jioni

Sufuria 😂

Mama BibiShamba, swali la mwisho. Nina wakulima wawili wanataka niwape fedha kabla ili waongeze eneo. Nitajuaje kama mzigo utakuwepo, na kama wengine hawajapanda kupita kiasi nikaja kuangukia kama Macho?

#28 BibiShamba_Mstaafu

Usitazame mashamba, tazama vitalu. Kitalu cha leo ndicho mzigo wako wa miezi minne au mitano ijayo, na hakuna anayeweza kukificha. Zunguka bonde, hesabu vitalu, linganisha na mwaka jana kwa kuwauliza wenyeji. Vikiwa mara mbili, kaa mbali na mkataba wa bei ya juu.

Kwa hao wawili, kabla hujatoa fedha omba punje 100 kutoka kwenye mfuko wa mbegu. Zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke kivulini, kisikauke. Siku ya kumi fungua uhesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 70, eneo atakalokuahidi lipunguze kichwani mwako kabla hata hujaandikiana naye.

#29 Muuza_Pembejeo

Na aje na risiti ya mbegu. Asiponionyesha mfuko, mimi nisingetoa hata senti.

#30 Mchuuzi_wa_Jioni

Mrejesho, siku 12 baadaye. Nimefanya vyote viwili. Mkulima wa kwanza: punje 86 zimeota. Wa pili: 41, na mfuko hauna tarehe, anasema alipewa na rafiki. Yule wa kwanza nimempa nusu ya alichoomba.

Vitalu nimehesabu mwenyewe kwenye bonde letu: 34. Wenyeji wanasema mwaka jana wakati kama huu vilikuwa kama 20. Bonde la mafuriko nalo nimepita, maji yamekauka na watu wameshaanza kulima. Gunia za wiki hii nimepata 930, ndogo ndogo, shingo mbichi, kama mama alivyosema. Bei leo ni 230.

#31 Kalamu_Nyekundu

Uza zote leo mkuu.

#32 Macho_Msituni

34 kwa 20, na lile bonde linarudi. Mimi mkataba ningeandika kwa 110.

#33 BibiShamba_Mstaafu

Macho, kati ya hivyo 34 ni vingapi vina mbegu kama ya yule wa pili? Mchuuzi, rudi baada ya wiki mbili uhesabu vilivyoota vizuri, ndipo tubishane kuhusu 110.